Kuuliza kwa Simu: Anayenunua Mazao Yako ni Nani Mbele ya Sheria?

Mzee mmoja, mkulima wa minazi kutoka Kaloleni, alifika ofisini kwetu kisiwani Mombasa asubuhi na mapema, akaweka karatasi tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa hati ya kuagiza mali: nazi kavu 8,000, kila moja kwa shilingi 30, jumla shilingi 240,000, malipo siku 30 baada ya mzigo kupokewa. Ya pili ilikuwa kadi ya dalali aliyemletea biashara hiyo. Ya tatu ilikuwa kikaratasi ambacho yeye mwenyewe alinakili jina lililoandikwa juu ya mlango wa ghala la mnunuzi, huko Mji wa Kale, si mbali na Bandari ya Kale.

"Nazi hizi si zangu peke yangu," akasema. "Tumo watu kumi na wawili. Nataka nijue tunamwuzia nani."

Aliuliza swali jema, maana karatasi zile tatu zilikuwa na majina matatu. Jina lenyewe sitalitaja. Tuseme ni Fulani. Juu ya mlango paliandikwa "Fulani Mazao". Katika hati ya kuagiza mali paliandikwa "Fulani Mazao Limited". Na katika kadi ya dalali, "Fulani (Mombasa) Limited". Mtu asiye mwangalifu angesema yote ni mamoja. Lakini mbele ya sheria huenda wakawa watu watatu mbalimbali, na ni mmoja tu kati yao atakayedaiwa zile shilingi 240,000.

Katika somo hili tutaona maswali ya kuuliza unapoipigia simu kampuni ili ujue jambo hilo, na namna ya kuyapima majibu utakayopewa.

Jina la mlangoni na jina la sheria

Kampuni iliyosajiliwa ni kama mtu mbali. Ina jina lake, namba yake na madeni yake, nayo yaweza kushtaki na kushtakiwa. Hapa Kenya kampuni husajiliwa kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, na zile za zamani zilisajiliwa kwa sheria iliyotangulia. Jina la kampuni ya watu binafsi yenye dhima ya mpaka huishia kwa neno Limited au kifupi chake Ltd. Kampuni ikishindwa kulipa, kwa kawaida huwezi kwenda kuchukua nyumba ya mkurugenzi wake, kwa kuwa deni ni la kampuni, si lake.

Jina la biashara ni jambo jingine. Mtu mmoja, au watu wawili watatu walioshirikiana, huweza kusajili jina la kufanyia biashara bila kuunda kampuni. Hapo hakuna mtu mpya aliyezaliwa. Deni ni la wenyewe, nawe hapana budi uwajue ni akina nani.

Tena, jamaa mmoja aweza kuwa na kampuni mbili au tatu, zote zikitumia ghala moja, simu moja na karani mmoja. Hata hivyo, deni la moja si deni la nyingine. Huenda ile yenye magari na nyumba siyo iliyoandikwa katika hati yako.

Pengine utauliza, mbona tusitazame tu daftari la Serikali? Daftari tutalitazama, lakini baadaye. Daftari hukueleza habari za jina ulilolitaja wewe. Haliwezi kukuambia ni lipi kati ya majina matatu linalonunua nazi zako. Hilo mnunuzi mwenyewe ndiye awezaye kulisema. Kwa hiyo simu hutangulia, na daftari hufuata ili kupima ukweli wa yaliyosemwa katika simu.

Namba ya kupiga

Usipige namba iliyo katika kadi ya dalali. Ukipiga hiyo, huenda ukawa unamwuliza dalali habari za dalali. Tafuta namba ya meza ya simu ya kampuni yenyewe, ambayo wengi huiita swichibodi, yaani mahali ambapo karani hupokea simu zote na kuziunganisha kwa wahusika. Yafaa uipate kwa njia ambayo dalali hakuigusa: ubao ulio mlangoni mwa ofisi, au mkulima mwingine aliyekwisha kuiuzia kampuni hiyo akalipwa. Mzee wetu aliinakili kutoka ubao wa ghala. Ilianza na 041, ambayo ndiyo namba ya simu za waya za Mombasa. Lakini namba ya Mombasa si ushahidi kwamba ofisi iliyosajiliwa iko Mombasa. Hilo pia huulizwa.

Usimpe karani jibu

Hapa nitakiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimpigia simu karani wa kampuni moja kwa niaba ya wakulima wa ufuta. Nikamwuliza, "Je, ninyi ndinyi kampuni fulani Limited, na ofisi yenu iko Ndia Kuu?" Akajibu, "Ndiyo." Nikaandika "Ndiyo" katika daftari langu, nikaridhika. Malipo yalipochelewa, tuliandika barua ya madai kwa jina lile, nayo ikarudi, kwani kampuni yenye jina hilo haikuwapo. Karani hakusema uongo. Alisikia jina linalofanana na lile analolijua, na mlango wao ulikuwa Ndia Kuu kweli, naye alikuwa na simu nyingine zikilia. Kosa lilikuwa langu, maana nilimpa jibu ndani ya swali.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo" wala "siyo". Mwache yeye ndiye ataje jina, namba na mahali, nawe uandike.

Maswali sita

La kwanza: "Jina kamili la kampuni, kama lilivyo katika cheti cha kusajiliwa, ni lipi?" Mwombe alitaje herufi kwa herufi, pamoja na mabano kama yapo, na neno la mwisho. "Fulani Mazao Limited" na "Fulani (Mombasa) Limited" hutofautiana kwa neno moja tu.

La pili: "Namba ya usajili ni ipi?" Namba ni bora kuliko jina, kwa sababu kampuni yaweza kubadili jina lake na ikabaki kuwa ile ile. Kampuni mpya za watu binafsi huwa na namba inayoanza kwa PVT-, na nyingi za zamani huanza kwa C. au CPR/. Namba ikianza kwa BN, hiyo ni ya jina la biashara, wala si kampuni. Hapo uliza mara moja wenye jina hilo ni akina nani.

La tatu: "Ofisi iliyosajiliwa iko wapi, na sanduku la posta ni lipi?" Angalia neno hilo, "iliyosajiliwa". Ukisema "ofisi" tu, utaelekezwa ghalani. Makampuni mengi yenye milango Mji wa Kale yameandikisha ofisi zao kwa wakili au mhasibu, labda Barabara ya Nkrumah, labda Moi Avenyu, labda Nairobi. Tena katika vichochoro vya Mji wa Kale watu huelekezana kwa msikiti au kisima, si kwa namba ya nyumba. Kwa hiyo omba jina la jengo, barabara, na namba ya kiwanja ikiwezekana. Jambo hili si dogo. Kwa Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, hati ya mashtaka dhidi ya kampuni hupewa katibu, mkurugenzi au afisa mkuu wake. Wasipopatikana, huweza kuachwa katika ofisi iliyosajiliwa. Ukiiacha penginepo, mshtakiwa aweza kusema hakuipata.

La nne: "Ni kampuni ipi itakayolipa mzigo huu, na PIN yake ya KRA ni ipi?" Swali hili ndilo linalozitenga kampuni za jamaa mmoja. Aghalabu karani wa simu hatalijua, naye atakuunganisha na idara ya hesabu. Ni vema, maana huko ndiko malipo hutoka. PIN ya kampuni huanza kwa herufi P, na ya mtu binafsi huanza kwa A. Ukiambiwa kampuni, kisha ukapewa PIN inayoanza kwa A, basi atakayelipa ni mtu, wala si kampuni uliyotajiwa.

La tano: "Ni nani mwenye mamlaka ya kutia sahihi hati ya kuagiza mali, na cheo chake ni kipi?" Usitaje jina lililo katika hati yako. Ngoja utajiwe, kisha ulinganishe. Halafu uliza kama dalali ni mtumishi wa kampuni, au ni mtu wa nje anayelipwa kwa kila mzigo. Usiombe namba ya kitambulisho cha mtu yeyote. Hiyo si haki yako wala huihitaji.

La sita: "Je, kampuni iko chini ya msimamizi au mfilisi?" Hili peke yake laweza kujibiwa kwa "siyo", lakini uliza hata hivyo, na uliulize idara ya hesabu, si karani wa simu. Wakumbuka duka kubwa la Nakumatt, lililokuwa na matawi Mombasa. Kampuni yake, Nakumatt Holdings, iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya Mahakama Kuu mwezi wa Januari 2018, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Katika muda huo baadhi ya milango ilikuwa ingali wazi na watu wakinunua. Kampuni ikiwa chini ya msimamizi, wadai wa zamani huzuiwa kuishtaki bila idhini ya msimamizi huyo au ya mahakama. Kwa hiyo mlango ulio wazi si ushahidi kwamba deni litalipika.

Mazungumzo yalivyokwenda

Tulipiga simu saa nne asubuhi, mzee akiwa ameketi kando yangu na penseli mkononi. Nilitaja jina langu na haja yangu, kisha nikauliza jina la kampuni.

"Fulani Mazao, Bwana," akajibu Bibi aliyepokea.

"Ahsante, Bibi. Na katika cheti cha kusajiliwa limeandikwaje?"

Akanyamaza kidogo. "Hilo sina hakika nalo. Sisi tunapokea simu za kampuni zote mbili."

"Hizo mbili ni zipi, Bibi?"

"Fulani Mazao Limited, na Fulani (Mombasa) Limited. Ngoja nikuunganishe na hesabu."

Angalia, msomaji, tulivyopata jambo kubwa kwa kutompa jibu. Tumejua ziko mbili, na kwamba jina la mlangoni ni la kuitia tu.

Bwana wa hesabu alikuwa mkweli na mpole. Alisema mazao yote hununuliwa na kulipwa na Fulani (Mombasa) Limited. Akataja namba ya usajili iliyoanza kwa PVT-, na PIN iliyoanza kwa P. Ofisi iliyosajiliwa, alisema, iko kwa mhasibu wao, Barabara ya Nkrumah, wala si ghalani. Nilipomwuliza habari za Fulani Mazao Limited, alijibu, "Hiyo ya zamani. Haifanyi biashara siku hizi. Lakini vitabu vya hati vilivyochapishwa vingali vipo, na vijana wa ghala huvitumia." Nikamsomea yote niliyoandika, akayasahihisha mahali pawili. Nikaandika tarehe, saa na cheo chake.

Basi hati ya mzee ilikuwa imeandikwa jina la kampuni isiyofanya biashara. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na kitabu cha zamani. Lakini kama malipo yangekwama, wale watu kumi na wawili wangeshika hati inayomdai mtu asiye na kitu.

Kupima majibu

Maneno ya simu si hati, na karani aweza kukosea kama nilivyokosea mimi. Hatua ya pili ni daftari la Serikali, ambalo hushikwa na Huduma ya Usajili wa Biashara, kwa kifupi BRS. Daftari hilo liko wazi kwa kila mtu. Ingia katika eCitizen, uombe hati iitwayo CR12, na ulipe ada inayoonyeshwa hapo. Asiyejua kutumia kompyuta aombe msaada katika Kituo cha Huduma. CR12 huonyesha jina la kampuni, namba yake, tarehe ya kusajiliwa, ofisi iliyosajiliwa, wakurugenzi na wenye hisa, na kama mali yake imewekwa rehani kwa benki.

Iweke kando ya yale uliyoandika katika simu, ulinganishe neno kwa neno. Tazama zaidi mambo matatu: kwamba namba na jina ni vya kampuni moja, kwamba ofisi ni ile uliyotajiwa, na kwamba aliyetia sahihi ni mkurugenzi. Kama si mkurugenzi, taka barua ya kampuni inayompa mamlaka hayo. Kumbuka pia mipaka ya hati hii: CR12 hukuambia kampuni ni nani, lakini haikuambii kama ina fedha. PIN nayo hupimwa katika iTax, mahali palipoandikwa PIN Checker.

Ukiwa unamwuzia mwenye jina la biashara, omba maelezo ya jina hilo kutoka kwa BRS hiyo hiyo. Chama cha ushirika hakimo katika daftari hili. Vyama husajiliwa na Kamishna wa Ushirika, na huko ndiko utakakouliza.

Mzee wetu alipata CR12 siku hiyo hiyo, nayo ilikubaliana na maneno ya Bwana wa hesabu. Ndipo akarudi ghalani na ombi moja tu: hati iandikwe upya kwa jina la Fulani (Mombasa) Limited, pamoja na namba ya usajili, sahihi na cheo. Aliandikiwa mchana ule. Jioni akarudi kwao, na nazi zilipakiwa juma lililofuata.

Dalili za kukufanya usimame

Kwanza, karani anapokataa kabisa kutaja jina kamili na namba. Kutojua si kosa, naye aweza kuuliza akupigie baadaye. Lakini mambo haya si siri, hivyo kukataa kwataka sababu.

Pili, simu inapounganishwa na dalali yule yule kila mara, ingawa umeomba idara ya hesabu.

Tatu, unapotajiwa jina moja la mpokeaji wa mzigo na jina jingine la mlipaji, na hakuna aliye tayari kuyaandika yote mawili katika hati moja. Hapo usipakie mzigo.

Mambo yakiharibika baada ya yote haya, madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 huweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo. Huko pia utatakiwa uandike unamdai nani na anapatikana wapi, na majibu ya simu yako yatakuwa yameandikwa tayari katika daftari lako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini simu hutangulia daftari la Serikali?
2. Swali "Je, ofisi yenu ni hapa Ndia Kuu?" lina makosa mawili. Ni yapi?
3. Umeambiwa namba ya usajili inaanza kwa BN, na jina linaishia kwa Limited. Je, mambo hayo mawili yanapatana? Utauliza nini tena?
4. Chukua hati ya mwisho uliyopewa na mnunuzi wako. Jina lililoandikwa humo ni la mlangoni au la sheria? Kama hujui, una swali la kwanza la kuuliza kesho asubuhi.